Kumvisha Joho Bila Kumbadilisha Sura

Tuchukue picha ya kijana wa Mombasa aliyesimama mbele ya ukuta, amevaa shati la mikono mifupi, kiganja cha kulia kikilalia cha kushoto kitovuni. Nduguze wanataka kadi ya mwaliko imwoneshe kama bwana harusi wa pwani, kwa kanzu, joho na kilemba, na joho lenyewe halijatoka kwa fundi.

Ukiipa programu ya akili mnemba picha nzima na kuiagiza imvishe, mara nyingi huichora yote upya. Stable Diffusion, kwa mfano, huisinyaza picha kwanza: kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 huwa chembe moja. Uso wenye upana wa pikseli 80 hubakiwa na chembe 10 tu kwa upana, na ukikuzwa tena huwa wa mtu anayefanana naye, si yeye. Vidole huumia zaidi, maana ni vyembamba na vimepandana.

Kwa hiyo hupakwa kwa brashi eneo la kuchorwa upya, na kwingine kuachwa. Hapa ndipo wengi hukosea: hufuata ukingo wa shati. Joho ni pana, na programu haiwezi kulichora nje ya eneo ililopewa. Hutoka joho lililobana kama shati. Paka upite mabega, uingie ukutani, ushuke hadi miguuni. Mikono iliyo wazi ipakwe kuanzia kiwiko hadi penye kifundo cha mkono, viganja viachwe. Juu ya kichwa, pakia kilemba mpaka kati ya paji la uso, usizifikie nyusi. Ukingo wa ukutani uwe laini, lakini kando ya vidole uwe mkali, la sivyo kitambaa kitavila.

Maelezo nayo yataje umbo. Ukiandika “vazi la harusi la Kiafrika” tu, unaweza kuletewa vazi la watu wengine kabisa. Eleza kanzu nyeupe isiyo na kola, yenye darizi shingoni, na joho jeusi lililo wazi mbele, lenye pindo la uzi wa dhahabu. Programu ikikubali picha ya mfano, mpe ya joho halisi. Naiamini kuliko maneno.

Mwisho, uso na viganja vya picha ya awali hukatwa na kubandikwa juu ya mpya, kwa sababu hata sehemu isiyopakwa huweza kubadilika kidogo katika kule kusinyazwa. Kuhakiki, weka picha mbili tabaka juu ya tabaka na uchague `Difference`: palipo sawa huwa peusi tii. Doa lolote la mwanga machoni au kwenye vidole ni dalili ya mabadiliko.

Kinachobaki ni mwanga. Viganja huonekana vinaelea mpaka uvipakie kivuli chembamba juu ya kanzu, upande ulio mbali na taa. Tazama pia chini ya kidevu: shati likiwa jekundu, wekundu wake hubaki ngozini, ilhali kanzu nyeupe ingepaangaza. Hapo punguza rangi tu, bila kugusa umbo.