Mfumo wa Duka: Kifurushi Kipi Kinakutosha?

Mwenye duka anayetafuta mfumo wa kuuzia na kuhesabu mali hukutana na safu tatu za bei. Ya kushoto ni nafuu, ya kulia inatisha, na ya katikati imepakwa rangi na kuandikwa "Inayopendwa zaidi". Jicho huenda katikati, na mara nyingi pesa hulifuata. Kabla ya kufika huko, fahamu kwamba ile namba kubwa iliyo juu ya kila safu ni nadra kuwa ndiyo pesa utakayolipa. Bei halisi hutokana na kile kinachohesabiwa: watu, matawi, bidhaa au ujumbe. Kwa hiyo anza kwa kuhesabu vya kwako, ndipo usome bei.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, lenye tawi moja Kihonda. Wanaogusa mfumo ni watu 5: mwenye duka, makeshia 2 wa duka kubwa, keshia mmoja wa tawi, na mtunza stoo. Bidhaa ni aina 800 hivi. Bei nitakazotumia ni za mfano ili hesabu iwe nyepesi, lakini muundo wake ndio utakaoukuta kwa wauzaji wengi wa mifumo.

Kifurushi cha kwanza, tukiite Mwanzo, ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Kinampa nafasi mtumiaji mmoja, duka moja, na bidhaa 300. Cha pili, Biashara, ni 60,000. Kina watumiaji 3, duka moja, na bidhaa bila kikomo. Kila mtumiaji wa ziada ni 12,000 na kila tawi la ziada ni 30,000. Cha tatu, Kampuni, ni 140,000, na kinabeba watumiaji 10 na maduka 3. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna mistari miwili: bei haijajumuisha VAT, na hiyo ni bei ya mwezi kwa anayelipa mwaka mzima. Anayelipa mwezi kwa mwezi huongezewa asilimia 20.

Mwanzo kinaondoka mapema. Wengi wangedhani kinaondolewa na watumiaji, kumbe hata mwenye duka anayeuza peke yake angekwama kwenye bidhaa. Mfumo huhesabu kila saizi kuwa bidhaa yake. Msumari wa inchi 3 na wa inchi 4 ni bidhaa mbili, na rangi nyeupe ya lita 1, lita 4 na lita 20 ni bidhaa tatu. Duka la vifaa vya ujenzi, la vipuri, la nguo au la dawa hufikia 300 kabla hujamaliza rafu za upande mmoja. Kinyume chake, anayeuza mchele, unga na mafuta kwa jumla anaweza kukaa ndani ya 300 kwa miaka. Hesabu saizi zote, usihesabu majina tu.

Tukija kwenye Biashara, hapo ndipo namba ya juu inapoanza kuhama. Watu 5 ni wawili zaidi ya watatu waliomo, kwa hiyo ongeza 24,000. Tawi la Kihonda ni 30,000. Ile 60,000 imekuwa 114,000 kabla ya kodi. Weka VAT ya Tanzania Bara kwa kiwango cha kawaida, asilimia 18, upate 134,520 kwa mwezi. Kampuni, pamoja na kodi, ni 165,200. Ukitazama safu za juu, vifurushi hivi viwili vilitofautiana kwa 80,000. Kwa duka hili tofauti yake ni 30,680.

Hiyo VAT haina uzito sawa kwa kila mtu. Tangu Julai 2023, biashara ya Tanzania Bara inatakiwa kusajiliwa VAT mauzo yake yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Aliyesajiliwa, akipewa risiti halali, anaweza kuikata kodi aliyolipa kwenye kodi anayodaiwa. Ambaye hajasajiliwa hairudishiwi. Kwake kodi hiyo ni gharama kamili, na asiiache nje ya hesabu. Naye muuzaji wa mfumo hana ruhusa ya kutoza VAT kama mwenyewe hajasajiliwa, kwa hiyo muulize namba yake ya usajili. Ukikuta bei imewekwa kwa dola, uliza pia: kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei za bidhaa na huduma ndani ya Tanzania kwa fedha za kigeni.

Kuna jambo la watumiaji ambalo nataka tulitazame kwa makini, kwa sababu ndipo wenye maduka wengi wanapojikata. Kwa kuwa kila mtu wa ziada ni 12,000, kishawishi ni kununua nafasi moja kisha makeshia wote watumie jina moja na neno la siri moja. Katika mfano wetu hilo lingeokoa 24,000 kwa mwezi, na mauzo yangeonekana sawa tu. Tatizo hujitokeza siku ambayo keshia ameuza mifuko 5 ya saruji kwa taslimu, mteja ameondoka, kisha mauzo yakafutwa kwenye mfumo na pesa ikaingia mfukoni. Mfumo mzuri huandika nani alifuta na saa ngapi. Watu watatu wakishiriki jina moja, kumbukumbu hiyo haimtaji yeyote. Utaona saruji imepungua stoo na mauzo hayapo, na utabaki kuwatuhumu watu wote kwa pamoja, waaminifu wakiwemo.

Kwa hiyo angalia kama kifurushi kinakuruhusu kumzuia keshia asifute mauzo wala kubadilisha bei bila idhini yako. Mara nyingi uwezo huo haupo kwenye kifurushi cha chini, na ndio unaolipia gharama ya mfumo mzima. Ningependelea kulipia watu 5 wenye majina yao na kukosa ripoti kumi za michoro ya rangi.

Ujumbe mfupi nao una mita yake. Wauzaji wengi huandika kwamba mfumo unatuma ujumbe kwa wadaiwa, lakini ujumbe wenyewe hulipiwa pembeni. Tuseme ni shilingi 25 kwa mmoja, na duka lina wateja wa mkopo 150 wanaokumbushwa mara mbili kwa mwezi. Unatarajia ujumbe 300, yaani 7,500. Ila ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Ukiandika herufi 200, umetuma ujumbe mbili, na bili inakuwa 15,000. Ukiweka emoji hata moja, nafasi hushuka hadi herufi 70 kwa ujumbe, na ule wa herufi 200 unakatwa vipande vitatu: 22,500. Salamu ndefu na kiuso cha tabasamu vimezidisha gharama mara tatu. Andika jina, kiasi na tarehe, kisha ishia hapo.

Sasa tuangalie malipo ya mwaka. Anayelipa mwezi kwa mwezi katika mfano wetu hutoa 161,424, kodi ikiwemo. Anayelipa mwaka hutoa 1,614,240 kwa mkupuo. Gawanya uone: mwaka mzima ni sawa na miezi 10 ya malipo ya kila mwezi. Faida ya miezi 2 ni ya kweli, lakini unaipata tu ikiwa utaendelea kuutumia mfumo baada ya mwezi wa 10. Ukiuacha mwezi wa nne, umepoteza pesa nyingi, kwa kuwa masharti ya wauzaji wengi hayarudishi malipo ya mwaka. Na mifumo huachwa kweli: mtandao ukikatika hauuzi, au makeshia wanarudi kwenye daftari kwa sababu foleni imekuwa ndefu.

Ndiyo maana siku za majaribio ya bure zisipite kwa kutazama tu. Ingiza bidhaa 20 za kweli. Uza nusu kilo ya misumari kutoka katoni uone kama stoo inapungua sawasawa. Zima data ya simu, uza, kisha washa uone kama mauzo yamepanda. Rudisha bidhaa iliyouzwa. Mwisho, jaribu kutoa orodha yako yote kwenye faili la Ekseli. Ukiambiwa kutoa data ni kwa kifurushi cha Kampuni pekee, umejua gharama ya kuondoka, na hiyo ni sehemu ya bei. Uliza vilevile kinachotokea ukichelewa kulipa. Kuna mifumo inayokuacha usome kumbukumbu bila kuuza, na kuna inayofunga kila kitu, madeni ya wateja wako yakiwa ndani.

Risiti nayo isikupite. Karatasi inayotolewa na mfumo wa duka si risiti ya kodi mpaka mfumo uwe umeunganishwa na TRA kwa njia inayokubalika. Kama haujaunganishwa, keshia ataandika mauzo mara mbili, kwenye mfumo na kwenye mashine ya EFD, na siku ya msongamano moja ya hizo mbili itasahaulika. Katika vifurushi vingine muunganiko huo hulipiwa ada ya kuanzia, kwa hiyo uombe uandikwe kwenye ankara ya bei kabla hujakubali.

Turudi Morogoro tumalize. Duka hili lichukue Biashara, na lilipe mwezi kwa mwezi kwa miezi 3 ya kwanza. Kwa muda huo litalipa 80,712 zaidi ya bei ya mwaka, na hiyo ni bima ya haki dhidi ya kufungia zaidi ya milioni moja na nusu kwenye mfumo ambao huenda hauwafai makeshia wake. Baada ya hapo lihamie malipo ya mwaka. Likifungua duka la tatu lenye keshia wake, Biashara kitapanda hadi 156,000 kabla ya kodi, nacho Kampuni kitabaki 140,000. Siku hiyo ndiyo ya kuhama kifurushi, si kabla, na ni wewe utakayekumbuka, maana muuzaji hana sababu ya kukupigia simu akuambie unalipa zaidi.