Jua la Juni na Genge la Shangazi

Wasomaji wengi wa gazeti letu hununua nyanya, lakini ni wachache waliowahi kukaa nyuma ya meza ya kuuzia. Katika likizo ya Juni nilimsaidia shangazi yangu katika genge lake hapa Morogoro, na nilimtia hasara kwa kosa ambalo ningependa kuwaelezeni, kwani sababu yake ilinifurahisha hata nikaisahau aibu.

Meza ya shangazi imeelekea kaskazini. Juu yake ana turubai, nalo limezidi ukingo wa mbele wa meza kwa sentimita 40. Likizo ya Disemba nilipanga nyanya mstari wa mbele, mahali wanunuzi wanapoziona, nazo zikakaa kivulini kutwa. Basi mwezi wa Juni, shangazi alipokwenda kwenye matanga, nilipanga vile vile. Asubuhi mawingu yalikuwa yamefunika milima ya Uluguru, nami sikuona neno.

Siku ile tulikuwa na nyanya 280, zilizonunuliwa kwa Sh. 20,000. Nilizigawa mafungu 56 ya nyanya tano tano, kila fungu Sh. 500. Kupanga fungu nilikwisha kufundishwa: kwanza ondoa vikonyo, maana kikonyo hutoboa nyanya ya jirani, nne ngumu ziwe chini, na iliyoiva zaidi ikae juu, isibebe mzigo. (Wako wauzaji wanaoficha mbovu chini. Shangazi asema mama akidanganywa leo, kesho hupitia njia nyingine.)

Mawingu yakatawanyika. Saa nane alikuja mama mmoja, akashika nyanya ya mbele, akaitoa nje ya turubai. Sikukasirika, kwa sababu turubai letu ni la buluu, na chini yake nyanya nyekundu huonekana nyeusi nyeusi. Akaniuliza, "Mwanangu, hizi umezichemsha?" Nilipoigusa ilikuwa ya moto, na ngozi yake imelegea. Mafungu 14 ya mbele yote yalikuwa hivyo.

Tulifanya hesabu jioni. Mafungu 42 mazima yalileta Sh. 21,000. Katika yale 14, kumi niliyauza kwa Sh. 200 kila moja, yaani Sh. 2,000, na manne hayakupata mtu. Jumla Sh. 23,000. Toa bei ya kununulia, na Sh. 2,500 za usafiri na ushuru: zilibaki Sh. 500. Kama yote yangeuzwa, zingebaki Sh. 5,500. Shangazi alizitazama zile mia tano, akasema tu, "Haya, tutanunua chumvi."

Usiku nilichora picha, nikitumia jiografia yetu ya darasani. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwishoni mwa Disemba jua la adhuhuri liko kusini mwetu, kwa hiyo kivuli cha turubai husogea kaskazini, mbele ya meza. Mwishoni mwa Juni jua liko kaskazini, nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Turubai letu liko sentimita 120 juu ya meza, na kwa pembe hiyo kivuli hurudi nyuma kiasi cha sentimita 70. Ukitoa zile 40 za turubai lililozidi, sentimita 30 za mbele hubaki juani. Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga mistari miwili ya nyanya! Na si adhuhuri tu. Alasiri ule ukanda wa jua huzidi kupanuka.

Nyanya iliyochumwa ingali hai, yaani inapumua. Ikipata joto hupumua upesi zaidi, hupoteza maji na kulainika. Ile iliyoiva nusu nayo haisaidiwi na jua kali, kwa kuwa joto likizidi nyuzi 30 za sentigredi wekundu haujitengenezi vizuri, nayo hubaki na rangi ya manjano.

Nilimwonyesha shangazi picha yangu, nikashauri tuning'inize gunia mbele. Akacheka. "Wateja waje kwa kutambaa?" Kisha akanieleza kwamba yeye, bila kuchora, kila Juni hubadilisha meza. Mbele huweka maboga, nazi na malimau, ambavyo huvumilia jua kidogo. Mchicha na matembele hukaa nyuma, akivinyunyizia maji. Nyanya hazinyunyizi, kwani unyevu huleta ukungu. Ndizi mbivu huziweka mbali na mboga za majani, kwa sababu hewa itokayo katika ndizi huzifanya ziwe manjano upesi.

Nikamwuliza, nyanya zikiwa nyuma, wanunuzi watazionaje? Akatoa ubao chini ya meza, akauegemeza juu ya matofali mawili upande wa nyuma, ukawa na mteremko kuwaelekea wapita njia. Kesho yake nilipanga mafungu yangu juu yake, nikiwa nimeweka kamba kila mstari yasiporomoke.

Kidato cha Nne