Usabunishaji: Jinsi Alikali Inavyogeuza Mafuta Kuwa Sabuni na Kwa Nini Asidi Haifanyi Hivyo

1.0 Utangulizi

Watu wasiopatana husemwa katika Kiswahili kuwa ni kama maji na mafuta. Sabuni ndiyo mpatanishi wa mahasimu hao wawili, na la ajabu ni kwamba mpatanishi huyo hutokana na mafuta yenyewe. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa katika mbata hayawezi kuondoa uchafu wa mafuta kwenye shati. Lakini mafuta hayohayo yakichanganywa na alikali hugeuka kitu kinachoondoa uchafu huo kwa urahisi.

Mgeuko huo huitwa usabunishaji. Neno sabuni liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kwa kulinyambua hupatikana kitenzi sabunisha, yaani kugeuza kitu kuwa sabuni. Makala haya yanaeleza jambo linalotendeka katika usabunishaji, sababu ya asidi kuyavunja mafuta bila kuzaa sabuni, na namna sabuni inavyojipanga majini ili kubeba mafuta. Hoja kuu ni kuwa maswali haya yote yana jibu moja, nalo ni chaji hasi ndogo iliyo kwenye kichwa cha molekuli ya sabuni.

2.0 Umbo la Molekuli ya Mafuta

Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1823 kwamba mafuta ya wanyama ni muungano wa asidi za mafuta na gliseroli. Molekuli ya mafuta huitwa trigliseridi. Inaweza kufananishwa na kitana chenye meno matatu marefu. Mpini wa kitana ni gliseroli, na kila jino ni asidi ya mafuta, ambayo ni mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni. Mahali jino linaposhikana na mpini pana kiungo kiitwacho esta.

Kiungo hicho ndicho kinachovunjwa. Kaboni iliyopo hapo imezungukwa na atomu mbili za oksijeni zinazozivuta elektroni kuelekea kwao. Kwa hiyo kaboni hiyo hubaki na upungufu wa elektroni, na chochote chenye elektroni za ziada huweza kuishambulia. Swali ni nani anayeshambulia, na nini hufuata baada ya shambulio.

3.0 Mafuta Mbele ya Alikali

Alikali inayotumika sana ni haidroksaidi ya sodiamu (NaOH), ambayo wengi huifahamu madukani kwa jina la kostiki soda. Ikiyeyuka majini hutoa ioni za haidroksaidi, ambazo zina chaji hasi na elektroni za kutosha. Ioni moja huishambulia kaboni ya esta moja kwa moja. Kwa muda mfupi mno kaboni hiyo hubeba mzigo wa ziada, kisha huuachilia mpini wa gliseroli. Jino limeng'oka.

Mpini ulioachiliwa huondoka ukiwa na chaji hasi na una njaa kubwa ya protoni. Jirani yake wa karibu ni asidi ya mafuta iliyong'oka hivi punde, nayo ina protoni ambayo haikuishikilia sana. Protoni huhama mara moja. Matokeo yake ni gliseroli isiyo na chaji, na asidi ya mafuta iliyopoteza protoni yake na kubaki na chaji hasi. Ioni hiyo, ikiandamana na sodiamu, ndiyo sabuni.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoufunga mlango. Ili mafuta yarudi yalivyokuwa, gliseroli ingelazimika kuishambulia tena kaboni ileile. Lakini sasa kaboni hiyo iko pamoja na oksijeni mbili zinazogawana chaji hasi, hivyo upungufu wake wa elektroni umepungua sana, na chaji yenyewe humfukuza mshambuliaji. Kwa sababu hiyo usabunishaji huenda upande mmoja hadi mafuta yaishe au alikali iishe. Ikumbukwe pia kwamba haidroksaidi hutumika na kuisha: kila jino moja linalong'oka hula ioni moja. Alikali basi ni mshiriki kamili wa mmenyuko, wala si kichocheo tu.

4.0 Mafuta Mbele ya Asidi

Katika asidi hakuna haidroksaidi ya kutosha. Anayeweza kushambulia ni molekuli ya maji, ambayo ni mshambuliaji dhaifu. Asidi humsaidia kwa njia nyingine: protoni yake hujishikiza kwenye oksijeni ya esta, na kuifanya kaboni iwe na upungufu mkubwa zaidi wa elektroni. Hapo maji huweza kushambulia, gliseroli huachiliwa, na protoni iliyotoa msaada hurudi majini ilikotoka. Kwa kuwa haikuliwa, asidi hapa ni kichocheo.

Zao la njia hii ni asidi ya mafuta iliyo kamili pamoja na protoni yake. Haina chaji, na kaboni yake bado inashambulika. Gliseroli iliyo karibu inaweza kugeuka na kuishambulia, ikatoa maji na kuunda esta upya. Mmenyuko huu basi huenda pande zote mbili na hutulia kwenye msawazo, ambapo kiasi kinachovunjika hulingana na kiasi kinachoungana. Anayetaka uvunjaji ushinde hana budi kutumia maji mengi au kuiondoa gliseroli kadiri inavyotokea.

Kuna kikwazo kingine. Maji yenye asidi hayachanganyikani na mafuta, kwa hiyo hukutana kwenye mpaka wao tu. Katika alikali tatizo hilo lipo mwanzoni, lakini hujitatua: sabuni ya kwanza inayoundwa husaidia kuyachanganya mafuta na maji, na mmenyuko hushika kasi. Asidi haizalishi msaidizi wa namna hiyo.

5.0 Kilo Moja ya Mafuta ya Nazi

Kwa kuwa alikali huliwa, kiasi chake lazima kipimwe. Chukua gramu 1000 za mafuta ya nazi. Uzito wa moli moja ya trigliseridi zake ni wastani wa takriban gramu 655, hivyo kilo moja ina moli 1.53 hivi. Kila molekuli ina meno matatu, kwa hiyo moli 4.58 za NaOH zinahitajika. Moli moja ya NaOH ina gramu 40, na jumla huwa gramu 183. Mmenyuko ukikamilika hupatikana takriban gramu 140 za gliseroli na gramu 1043 za sabuni.

Watengenezaji wa sabuni ya mkono hupunguza alikali kwa asilimia 5 hivi, yaani hutumia takriban gramu 174, ili pabaki mafuta kidogo badala ya alikali. Kostiki soda hutiwa ndani ya maji polepole. Maji hayatiwi juu ya kostiki soda, kwani joto linalozuka ghafla huweza kurusha matone yanayounguza macho na ngozi. Glavu na miwani ya kukinga macho ni lazima. Aidha, sufuria ya kawaida ya alumini haifai kabisa, kwa maana alikali huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Chombo kinachofaa ni cha plastiki ngumu au cha chuma kisichoshika kutu. Mchanganyiko hukorogwa hadi uwe mzito kama uji, kisha humiminwa kwenye kalibu na kuachwa ukomae kwa majuma kadhaa.

Kosa la hatari hutokea mtu anapohifadhi vipimo na kubadilisha mafuta. Minyororo ya mafuta ya alizeti ni mirefu kuliko ya mafuta ya nazi, kwa hiyo kilo moja ina molekuli chache zaidi na huhitaji takriban gramu 135 tu za NaOH. Akitia gramu 183, gramu 48 hivi zitabaki bila kazi ndani ya sabuni na kuichoma ngozi ya mtumiaji. Kasoro hiyo hugunduliwa kwa karatasi ya kupimia pH: maji ya sabuni nzuri huwa kati ya 9 na 10 hivi, ilhali yakizidi 11 alikali imesalia. Kinyume chake, alikali ikipungua mno, sabuni huwa laini, hutoa mafuta juu yake na huchacha mapema.

6.0 Miseli: Jinsi Sabuni Inavyobeba Mafuta

Molekuli ya sabuni ina kichwa chenye chaji hasi, kinachopendwa na maji, na mkia mrefu ambao maji huukwepa. Mkia ukiwa majini, molekuli za maji huuzunguka kwa mpangilio unaozinyima uhuru wake. Sabuni ikiwa kidogo, molekuli zake hukaa moja moja au hujipanga juu ya maji, mikia ikielekea hewani. Ikizidi kiwango fulani, mikia hukusanyika pamoja na maji huwekwa huru. Kundi hilo la makumi ya molekuli, mikia ndani na vichwa nje, ndilo miseli. Kwa sabuni safi ya asidi ya lauriki, ambayo ndiyo asidi kuu ya mafuta ya nazi, kiwango hicho ni takriban gramu 5 katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Chini ya hapo miseli haziundwi, hata maji yakorogwe vipi.

Uchafu wa mafuta kwenye nguo huingiwa na mikia, hung'olewa kwa kusuguliwa na hufungiwa ndani. Kwa kuwa vichwa vyote vina chaji hasi, matone hayo husukumana na hayaungani tena. Maji ya kusuuzia huyachukua na kwenda nayo.

Chaji hiyo ndiyo nguvu ya sabuni, na ndiyo pia udhaifu wake. Katika maji magumu ya visima vingi mna ioni za kalisi na magnesi zenye chaji chanya mbili. Kila moja huvishika vichwa viwili, na sabuni hugeuka utando mweupe usioyeyuka. Povu halitoki hadi ioni hizo ziishe.

7.0 Hitimisho

Jaribio moja rahisi huthibitisha yote yaliyoelezwa. Siki au maji ya limau yakitiwa kwenye maji ya sabuni, povu hufa, maji huwa kama maziwa, na vipande vyenye mafuta huelea. Asidi imekirudishia kichwa protoni yake. Chaji imetoweka, na miseli zimevunjika. Hata hivyo, kinachoelea si mafuta ya nazi ya mwanzo. Ni asidi ya mafuta peke yake, meno yasiyo na mpini, kwa kuwa gliseroli ingali majini na hakuna kilichoiunganisha nayo. Sabuni huweza kuharibiwa kwa matone machache ya limau, lakini kuirudisha kuwa mafuta ni kazi nyingine kabisa.