Anzia Upande Wenye Fundo

Kwenye hesabu za kidato cha tano na cha sita kuna swali lisilokuomba utafute jibu, kwa kuwa jibu umeshapewa. Unaambiwa tu uthibitishe kwamba

cos A / (1 − sin A) = sec A + tan A

Kazi yako ni kuonyesha kuwa pande hizi mbili ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa namna mbili, na kwamba ni hivyo kwa kila pembe, si kwa pembe moja au mbili. Wapo wanaozijua kanuni zote kwa moyo na bado wakakwama hapa, maana kanuni hazisemi uanzie wapi.

Kabla ya kuanza, jaribu kwa pembe moja. Weka A = 30°. Kushoto unapata 0.866 ÷ 0.5, yaani 1.732, kulia unapata 1.155 + 0.577, nayo ni 1.732. Huo si uthibitisho. Hata sin A + cos A = 1 ni kweli kwa 0° na kwa 90°, lakini ukiweka 30° inatoa 1.366. Faida ya jaribio ni kukuhakikishia kwamba hukunakili swali vibaya.

Sasa, upande upi? Walimu wengi husema anza na ulio mrefu. Ushauri huo si mbaya, ila hapa unapotosha, kwa sababu upande wa kulia ndio unaoonekana mrefu: una vitu viwili vilivyojumlishwa. Uanzie huo, ugeuze kila kitu kuwa sini na kosini, na mara moja unafika (1 + sin A) / cos A. Kisha unasimama. Hakuna kinachokuonyesha ile 1 − sin A itatokea wapi.

Mimi hutazama asili za sehemu, sio urefu. Asili yenye vitu viwili, kama 1 − sin A, ndiyo yenye fundo, na ni rahisi kufumua mkeka kuliko kuusuka. Basi anza kushoto. Zidisha kiasi na asili kwa 1 + sin A, yaani kile kile kilicho chini, ila alama imegeuzwa. Sababu ni kwamba (1 − sin A)(1 + sin A) ni 1 − sin² A, na kwa kuwa sin² A + cos² A = 1, hiyo ni cos² A. Vitu viwili vimekuwa kimoja:

cos A / (1 − sin A)
= cos A (1 + sin A) / cos² A
= (1 + sin A) / cos A
= 1 / cos A + sin A / cos A
= sec A + tan A

Aliyeanzia kulia, kumbe, hakupoteza kitu. Ile (1 + sin A) / cos A aliyokwama nayo imo katikati ya njia hii. Kwenye karatasi ya majaribio fanyia kazi pande zote mbili mpaka zikutane. Kwenye karatasi ya majibu andika safari moja tu, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kosa linalojirudia zaidi ni kuipasua asili: cos A / (1 − sin A) inageuzwa kuwa cos A / 1 − cos A / sin A. Kwa 30° hiyo inatoa −0.866, wakati jibu ni 1.732. Kiasi hugawanyika hivyo, asili haigawanyiki.

Lililo gumu kulitambua ni kuvusha vitu kupitia alama ya sawasawa. Mtu anazidisha mkingamo, anapata cos² A = 1 − sin² A, anapiga mstari na kuridhika. Lakini ameanza kwa kukubali kile kile alichotakiwa kuthibitisha. Hatari yake huonekana kwenye sin A = √(1 − cos² A). Ukipandisha pande zote kwa kipeo cha pili, unapata jambo la kweli. Hata hivyo kwa 210° kushoto ni −0.5 na kulia ni 0.5. Umefika kwenye ukweli ukitokea kwenye uongo.

Kuna neno moja ambalo vitabu huliruka. Kwa 270°, upande wa kushoto wa swali letu ni 0 ÷ 2, yaani 0, lakini upande wa kulia hauna thamani, kwa kuwa cos 270° ni 0 na huwezi kugawanya kwa 0. Pia 1 + sin 270° ni 0, kwa hiyo hatua yetu ya kuzidisha haifanyi kazi kwa pembe hiyo. Ndiyo maana usawa wa aina hii husemwa kuwa kweli pale tu pande zote mbili zina thamani.

Jaribu sin A / (1 + cos A) = cosec A − cot A. Anza kushoto, kisha tafuta pembe ambayo upande mmoja una thamani na mwingine hauna.