Risala yako isikike: namna ya kuiandaa kwa herufi kubwa, mistari mifupi na alama za kupumzika

Msikilizaji wetu, bila shaka umewahi kuhudhuria hafla ambapo katibu wa kikundi anasimama kusoma risala mbele ya mgeni rasmi. Karatasi imejaa maneno, jua ni kali na upepo unavuma. Katikati ya sentensi anapotea, anarudi nyuma, anaruka mstari. Mgeni rasmi anapopewa nafasi ya kuzungumza, anajibu mambo mengine kabisa, kwa sababu ombi lenyewe halikumfikia.

Mara nyingi kosa si la msomaji. Amepewa karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya faili, si kwa ajili ya mdomo. Sisi watangazaji tunalijua hili, kwani taarifa tunayosoma hewani huwa tumeitia alama kabla ya kukaa mbele ya maiki. Leo tunaeleza namna ya kufanya hivyo kwa risala.

Nakala mbili, kazi mbili

Kwa desturi yetu, risala ikishasomwa hukabidhiwa mgeni rasmi. Kwa hiyo andaa nakala mbili. Ya kwanza ni ya kukabidhi: imechapwa kawaida na imesainiwa. Ya pili ni ya msomaji, na hiyo ndiyo tunayoizungumzia hapa. Maneno na tarakimu za nakala zote mbili lazima zilingane. Mkibadilisha kiasi cha fedha asubuhi ya hafla, badilisheni kotekote, la sivyo mgeni atasikia jambo moja na kusoma jingine.

Mfano kutoka Mbagala

Tuchukue kikundi cha kufikirika cha mama lishe wa Mbagala, wilayani Temeke. Walikopa kwenye fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambalo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Risala yao ina aya hii:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu chenye wanachama 25 kilikopeshwa na halmashauri Tsh. 12,500,000/= na hadi sasa tumerejesha Tsh. 9,000,000/= ila changamoto yetu kubwa ni maji ya mvua kutuama katika eneo tunalopikia, hivyo tunaomba kujengewa mtaro wa mita 80 kabla ya mvua za masika."

Ni sentensi moja tu, na ombi liko mwisho kabisa, mahali ambapo pumzi ya msomaji imekwisha. Sasa tazama aya hiyo hiyo kwenye nakala ya msomaji:

Mheshimiwa mgeni rasmi, //
kikundi chetu kina wanachama
ishirini na watano. //

Halmashauri ilitukopesha shilingi
milioni kumi na mbili /
na laki tano. //
Hadi leo tumerejesha
shilingi milioni tisa. //

Lakini mvua ikinyesha, /
maji yanatuama
pale tunapopikia. //

Ombi letu ni moja: //
tujengewe mtaro
wa mita themanini /
kabla ya masika. ///

Mkwaju mmoja maana yake vuta pumzi kidogo. Miwili maana yake tua, kama kwenye nukta. Mitatu maana yake nyamaza, inua macho umtazame mgeni rasmi, kisha endelea. Maneno ya kukazia yapigie mstari kwa kalamu. Yasizidi mawili au matatu katika aya, kwani ukikazia kila neno, hakuna litakalosikika limekaziwa.

Mstari unakatwa wapi

Kila mstari ubebe maneno machache, kiasi cha jicho kuyachukua kwa mtupo mmoja. Usimalize mstari kwa "ya", "wa", "kwa" au "na". Maneno hayo hushikamana na linalofuata. Ukiacha "mtaro wa" juu na "mita themanini" chini, sauti itakatika mahali pasipofaa.

Kumbuka pia kuwa mwisho wa mstari ni kwa ajili ya jicho, na mkwaju ni kwa ajili ya pumzi. Pasipo mkwaju, usisimame, endelea na mstari wa chini. Wanaosimama kila mwisho wa mstari husikika kama watoto wanaokariri shairi darasani.

Tarakimu ziandikwe kwa maneno

Hapa ndipo risala nyingi zinapokwama. Msomaji akikutana na 12,500,000 inambidi kwanza ahesabu sifuri. Andika kama itakavyotamkwa. Na Kiswahili kina mtego wake: "elfu ishirini na tano" inaweza kueleweka kuwa 25,000 au 20,005. Ukisema "ishirini na tano elfu", utata umekwisha. Vifupisho navyo vifungue: "Tsh." iwe "shilingi", na "n.k." iondoe kabisa.

Majina ya viongozi kwenye itifaki yaandike jina moja kwa kila mstari, na acha nafasi mbili au tatu tupu. Daima kuna kiongozi anayefika ambaye hakutarajiwa, nawe utamwongeza kwa kalamu.

Ukubwa wa herufi na karatasi

Kwenye simu au steshenari, chagua herufi za ukubwa wa 20, aina ya wazi kama Arial, na nafasi ya mstari mmoja na nusu. Usiandike yote kwa herufi kubwa tupu, maana maneno yote huonekana kama matofali ya umbo moja na jicho huchelewa kuyatambua. Huna pa kuchapa? Daftari na kalamu nyeusi vinatosha: andika kwa herufi kubwa na uruke mstari.

Andika upande mmoja tu wa karatasi, na acha sehemu ya chini tupu ili kichwa kisiinamie kifuani. Sentensi isianzie ukurasa huu na kuishia mwingine. Weka namba kila ukurasa, na usizibane kwa pini. Ukimaliza mmoja, utelezeshe kando bila kelele. Ukurasa mmoja wa kawaida utazaa minne au mitano, hilo lisikutishe. Kama hafla ni nje, tafuta kitu cha kuzuia upepo. Usitumbukize karatasi kwenye mfuko wa nailoni, kwani jua litaakisi na hutaona kitu.

Kusoma moja kwa moja kwenye simu hatukushauri. Kioo hufifia juani, hujizima, na simu inaweza kuita katikati ya ombi lenu.

Jipime kabla ya siku

Weka karatasi mezani, simama, na usome kwa sauti. Ikiwa unalazimika kuinama au kukunja macho, ongeza ukubwa wa herufi. Ukiishiwa pumzi kabla ya kufika kwenye mkwaju, ongeza mwingine.

Kisha mwombe mtu ambaye hajaiona risala akugeuzie mgongo na kusikiliza. Ukimaliza, akuambie mambo matatu: mlikopa kiasi gani, mmerejesha kiasi gani, na mnaomba nini. Akikosea fedha, rudi kwenye mstari wa fedha. Asipokumbuka mtaro, basi ombi bado limejificha. Litenge kwenye aya yake, na uweke kituo kabla yake na baada yake.

Alama hizi haziwezi kuokoa risala iliyobeba maombi kumi. Hiyo kwanza ipunguzwe na kikundi kizima, ndipo msomaji ashike kalamu na kuitia mikwaju.