Somo la Bure Linaloleta Wateja

Fundi wa kupunguza magauni ya mitumba asifundishe ushonaji wote siku ya somo la bure. Sisi tungechagua saa moja, wanawake 12, na kazi moja: kupunguza ubavuni. Kila mmoja aje na gauni lisilomkaa. Ajaye mikono mitupu huwa amefuata chai. Gauni hugeuzwa ndani nje, huvaliwa, hubanwa kwa pini na kushikizwa kwa mkono. Kisha mvaaji aketi na kuinua mikono kabla mkasi haujagusa kitambaa. Hapo wataona kwapa likivuta, nayo ndiyo kazi wasiyoiweza nyumbani. Fundi ataje bei yake papo hapo, aandike majina na kupanga siku ya kupima.