Wiki nne za chupa

Tuseme akina mama wa kikundi kimoja mjini Tanga wanataka kuingiza sokoni pilipili ya chupa. Wakishakubaliana kuhusu mapishi, kazi ya wiki 2, mambo mawili yanaanza kwa pamoja. Sampuli zinapelekwa kupimwa ili wapate kibali cha alama ya ubora ya TBS, na wao wamejipangia wiki 6. Chupa nazo zinaagizwa: wiki 3 kufika, wiki 1 kuoshwa na kukaushwa. Lebo haichapwi kabla ya kibali, kwa kuwa alama hairuhusiwi kutumika bila hicho. Uchapaji unachukua wiki 2, kujaza na kubandika wiki 1, kusambaza madukani wiki 1.

Ukijumlisha kwa upande wa kibali, 2 na 6 na 2 na 1 na 1, unapata wiki 12. Hakuna mlolongo mwingine mrefu kama huo, kwa hiyo ndio unaoamua siku ya kuuza. Wataalamu wanauita njia nyeti. Hesabu hii iliundwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na James Kelley wa Remington Rand na Morgan Walker wa DuPont.

Sasa rudi kwenye chupa. Ukihesabu kutoka mwanzo, zinaweza kuwa safi mwishoni mwa wiki ya 6. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka wiki ya 12, zinahitajika mwishoni mwa wiki ya 10, lebo zinapokuwa tayari. Tofauti ni wiki 4, na hiyo ndiyo nafasi ya kuchelewa. Lakini nafasi hiyo ni ya mlolongo mzima wa chupa. Lori likichelewa wiki 3, anayeosha amebakiwa na wiki 1 tu, na mara nyingi hata haambiwi.

Lori likichelewa wiki 6 je? Wiki 4 zinamezwa na nafasi, uzinduzi unasogea kwa wiki 2 hadi wiki ya 14. Hapo njia nyeti imehama: sasa ni ya chupa, na upande wa kibali umepata nafasi ya wiki 2. Anayeendelea kumsumbua mtu wa maabara kila asubuhi anapoteza nauli. Wa kufuatiliwa ni mwenye lori.

Kibali chenyewe kikichelewa hata wiki 1, mauzo yanachelewa wiki 1 hiyohiyo. Ndiyo maana mimi nisingelipa senti ya ziada kuharakisha chupa katika mpango wa awali. Ningeitumia kuhakikisha sampuli zinafika maabara zikiwa kamili, na fomu zake zimejazwa sawasawa. Kisha kila Ijumaa ningepiga hesabu upya, kwa kuwa makadirio ya wiki 6 ni makadirio tu.